Kengele ya Daku, ya Futari na Kurasa za Kila Siku: Namna ya Kupanga Vikumbusho vya Mwezi wa Ramadhani

Kuna mambo matatu ambayo mfungaji huhitaji kukumbushwa kila siku ya Ramadhani, na kila moja lina tabia yake. Daku lina mwisho: ikiingia alfajiri, kula na kunywa kumekwisha. Futari ina mwanzo: kabla jua halijazama, hata tone la maji haliruhusiwi. Juzuu ya siku haina saa yake maalumu, na kwa sababu hiyo ndiyo huachwa nyuma kwanza. Wengi huweka kengele tatu za aina moja, zenye mlio mmoja, kisha hushangaa kwamba wiki ya pili zote zimezoeleka na hakuna anayezisikia.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupanga vikumbusho hivyo mara moja, kabla ya mwezi kuandama, ili baadaye iwe ni kurekebisha kidogo kila wiki. Unachohitaji ni ratiba ya swala ya msikiti wako, simu, na jedwali la kompyuta au karatasi yenye mistari.

Kwanza, jua kosa liangukie upande gani

Hakuna kengele isiyokosea hata dakika moja. Saa ya simu inaweza kuwa sawa lakini ratiba ikawa ya mji mwingine, au mtu akaweka muda wa wiki iliyopita. Basi amua mapema kosa likitokea liangukie wapi.

Kwa daku, kosa liangukie kabla. Kengele ikilia dakika tano mapema, umepoteza dakika tano za kula. Ikilia dakika tano baada ya alfajiri kuingia nawe ulikuwa bado unakula, mafakihi walio wengi wanaona siku hiyo inalipwa, hata kama ulidhani bado ni usiku. Kwa futari ni kinyume chake: kosa liangukie baada. Aliyefungua akidhani jua limezama, kisha ikabainika halijazama, naye kwa kauli ya walio wengi analipa siku hiyo. Ni kweli kwamba sunna ni kuchelewesha daku na kuharakisha futari, kwa hiyo akiba hii iwe ndogo. Kwa futari dakika moja au mbili zinatosha.

Kanuni hii ndiyo itakayoamua kila namba tutakayoandika hapa chini.

Hakikisha saa za alfajiri na magharibi ni zako

Kabla ya kupanga chochote, linganisha programu ya swala iliyo kwenye simu na ratiba ya msikiti unaosali. Chukua siku moja, andika nyakati zote tano kutoka pande mbili, kisha tazama tofauti imekaa wapi, kwa sababu mahali pa tofauti hukwambia chanzo chake.

Adhuhuri na magharibi zikilingana lakini alfajiri na isha zikapishana, tatizo ni njia ya hesabu. Alfajiri huhesabiwa kwa kipimo cha nyuzi ambazo jua liko chini ya upeo wa macho, na taasisi hazikukubaliana juu ya namba moja. Njia iitwayo `Muslim World League` hutumia nyuzi 18, ya Misri hutumia 19.5, ya Umm al-Qura hutumia 18.5, na `ISNA` hutumia 15. Nyuzi moja ni kama dakika nne kwenye ikweta, na huzidi kadiri unavyokwenda mbali nayo. Kwa hiyo simu iliyojiwekea nyuzi 15 wakati msikiti unafuata 18 itakuambia alfajiri imeingia dakika 12 au zaidi baada ya msikiti kuadhini. Mtu anayetegemea simu hiyo pekee atakuwa anakula huku wenzake wamesimama safu. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta njia ya hesabu, chagua ile ya msikiti wako.

Nyakati zote zikipishana kwa dakika zilezile, simu inahesabu kwa mahali pengine. Jua huchukua dakika nne kuvuka nyuzi moja ya longitudo, na kwenye ikweta nyuzi hiyo ni kama kilomita 111. Mji ulio umbali huo upande wa magharibi huingiza magharibi dakika nne baadaye. Hii ndiyo sababu ratiba ya mji mkuu haimfai kila mtu nchini, na ndiyo sababu msafiri asifuturu kwa adhana ya redio ya mji alikotoka.

Tofauti ikiwa saa nzima, ni ukanda wa saa, au ni kule ambako saa husogezwa mbele majira yanapobadilika. Ikiwa alasiri peke yake ndiyo inapishana, usihangaike: programu imewekwa kwenye hesabu ya Hanafi, ambayo alasiri yake huingia kivuli kinapofika mara mbili ya urefu wa kitu, wakati wengine huhesabu mara moja. Daku na futari haziguswi na hilo.

Ratiba nyingi zina safu iitwayo imsaki, mara nyingi dakika kumi kabla ya alfajiri. Ichukue kama tahadhari. Mpaka wa kula ni alfajiri yenyewe, kama aya ya 187 ya Suratul Baqara inavyosema juu ya uzi mweupe na uzi mweusi. Dakika kumi hizo hata hivyo zina msingi mzuri: Zaid bin Thabit alipoulizwa muda uliokuwapo kati ya daku la Mtume (S.A.W.) na swala, alisema ni kadiri ya kusoma aya hamsini. Mimi naziona kuwa muda wa kumaliza maji, kusukutua na kupiga mswaki, na ndivyo nitakavyozitumia katika mpango huu.

Daku linataka kengele mbili, na kila moja kazi yake

Zama za Mtume kulikuwa na adhana mbili. Bilali aliadhini bado ni usiku, ili aliyelala aamke na anayesali ajue muda umekaribia. Ibn Ummi Maktum, ambaye alikuwa kipofu, hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Watu waliambiwa wale na kunywa hadi waisikie adhana ya wa pili. Utaratibu ni huohuo hadi leo: sauti moja ya kuamsha, sauti nyingine ya kukomesha. Kengele moja haiwezi kufanya kazi zote mbili.

Ya kuamsha ihesabiwe kurudi nyuma kutoka alfajiri. Usianze na "nitaamka saa kumi" kwa kuwa ni namba nzuri. Andika kila kinachofanyika kati ya kufumbua macho na adhana, na dakika zake. Mfano wa mtu anayepasha chakula kilichopikwa jioni: kuamka na kutawadha 10, kupasha na kuandaa 10, kula 20, maji na mswaki 10. Jumla 50. Ongeza tano za kuzubaa, unapata 55. Anayepika wakati huohuo huenda akahitaji saa moja na nusu, na anayekula kidogo peke yake nusu saa inamtosha. Anayetaka rakaa mbili za usiku azihesabu kabisa, zisibaki kuwa jambo la "nikipata nafasi".

Kengele hii iwekwe kwenye programu ya saa iliyokuja na simu. Sababu ni kwamba taarifa za kalenda na za programu ya swala hulia mara moja na kunyamaza, na mtu aliyelala saa tano usiku baada ya tarawehe hazimwamshi. Ondoa uwezo wa kuahirisha, kwa sababu simu nyingi huahirisha kwa dakika tisa au kumi, na mara mbili za kuahirisha zimekula muda wote wa chakula. Simu iwe mahali ambapo lazima uinuke uifikie. Kama mnalala wengi, weka kengele ya pili kwenye simu ya mtu mwingine, dakika 25 kabla ya alfajiri, iwe ya dharura: ikilia bado hamjaamka, muda uliobaki ni wa maji na chochote kilicho tayari.

Ya kukomesha iwe dakika kumi kabla ya alfajiri, na iwe na mlio tofauti kabisa, laini, kwa sababu mtu tayari yuko macho. Maandishi yake yaseme kitu cha kufanya: "Maji ya mwisho, mswaki." Adhana ikiadhiniwa, jambo limekwisha.

Jambo moja ambalo wengi huliweka mahali pabaya ni nia. Kwa madhehebu ya Shafi, mfungo wa Ramadhani unahitaji nia kila usiku kabla ya alfajiri. Kwa Maliki nia moja ya mwezi mzima hutosha maadamu mfungo haujakatika. Kwa Hanafi kuna nafasi hadi kabla ya katikati ya mchana. Mfuasi wa Shafi akiweka kikumbusho cha nia kwenye muda wa daku, siku atakayopitiwa na usingizi atakuwa amekosa vyote viwili. Kikumbusho hicho kiwe usiku, baada ya tarawehe au wakati wa kwenda kulala. Hapo hata ukiamkia adhana, mfungo wako ni mzima. Kilichokupita ni daku na baraka zake, nalo daku si sharti la kusihi kwa funga.

Futari: kikumbusho kikubwa ni cha nusu saa kabla

Kufungua kwenyewe hakuhitaji sana kengele, kwani njaa na adhana hukumbusha. Kinachosahaulika ni nusu saa ya kabla yake. Aliye kazini anajikuta bado ana faili mezani. Aliye njiani hana hata maji ya kufungulia. Aliye jikoni anashika sufuria hadi adhana inapita, na dua ya mfungaji, ambayo muda huo ndio wake, haikuombwa.

Weka kikumbusho dakika 30 kabla ya magharibi, na maandishi yake yategemee mahali utakapokuwa. Siku za kazi: "Tende na maji viko kwenye mfuko?" Siku za nyumbani: "Jikoni mwisho dakika 15 zijazo, kisha dua." Kwa kikumbusho hiki taarifa ya kalenda inatosha, kwani uko macho.

Kisha kengele ya kufungua, dakika moja baada ya magharibi ya ratiba. Unapoisikia adhana ya msikiti wa jirani unaouamini, fuata adhana. Kengele ni ya aliye mahali pasipo na adhana. Kama unaishi bondeni nyuma ya mlima, jua kufichwa na mlima si kuzama, fuata ratiba.

Kurasa: zifungamanishe na swala, usizifungamanishe na saa

Msahafu wa Madina, ule wa mistari 15 ambao kila ukurasa huishia mwisho wa aya, una kurasa 604. Juzuu ni 30, na kila juzuu ni kama kurasa 20. Kutokana na hesabu hiyo watu husema kurasa nne kila baada ya swala, mara tano, juzuu imekwisha. Ni hesabu nzuri, ila ina matundu mawili.

Tundu la kwanza ni kwamba mwezi unaweza kuwa wa siku 29. Anayesoma juzuu moja kwa siku bila akiba hujikuta mwezi umeandama naye bado ana juzuu Amma mkononi. La pili ni magharibi. Kati ya futari, swala, kula na kujiandaa kwa isha na tarawehe, kurasa nne za magharibi ndizo huruka karibu kila siku. Kuruka nne kila siku ni kubakiwa na juzuu sita mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo napendekeza kurasa 22 kwa siku, bila kuweka chochote magharibi: kumi baada ya alfajiri, nne baada ya adhuhuri, nne baada ya alasiri, nne baada ya tarawehe. Kwa mwendo huo siku 27 hukupeleka ukurasa wa 594, na siku ya 28 inabaki na kurasa kumi tu. Hata mwezi ukiwa wa 29, una siku moja nzima ya kulipia ulichoacha.

Kabla ya kukubali namba hiyo, jipime. Chukua kurasa nne usizozijua kwa moyo, washa saa, soma kwa mwendo wako wa kawaida bila kukimbia. Ukitumia dakika 12, kila ukurasa ni dakika tatu, na kurasa 22 ni saa moja na dakika sita kwa siku. Ukitumia dakika 40 kwa kurasa nne, mpango huu unakudai zaidi ya saa tatu na nusu. Hapo ni bora kuchagua nusu juzuu au hata kurasa nne kwa siku na kuzisoma vizuri. Kumaliza Qur'ani ndani ya Ramadhani ni jambo jema, wala si faradhi.

Kikumbusho cha kusoma kisiandikwe "Soma Qur'ani." Maneno hayo hayamwambii mtu aanzie wapi, na atakayefungua msahafu kutafuta alipoishia atapoteza dakika na hamu pia. Kiandikwe kwa namba: "Uk. 199–208, baada ya alfajiri." Na kilie dakika kama 20 baada ya adhana, muda ambao swala imekwisha na bado umekaa kwenye mkeka. Kikilia wakati wa adhana, utakizima ili ukasali, na kikizimwa hakirudi.

Deni nalo linahitaji kanuni. Ukikosa kurasa nne za alasiri, usizirundike juu ya nne za usiku, kwa sababu nane hukatisha tamaa na kesho zitakuwa kumi na mbili. Endelea na sehemu ya sasa, andika pembeni kurasa ulizoruka, na uzilipe siku moja ya wiki asubuhi ambayo huna kazi. Deni likizidi kurasa 40, yaani kama siku mbili nzima, gawanya upya: kurasa zilizobaki kwa siku zilizobaki, pasipo kuzihesabu zile siku mbili za mwisho.

Kwa mwanamke, hesabu ifanywe tangu mwanzo kwa kuondoa siku za hedhi, maana walio wengi katika mafakihi hawaruhusu kushika msahafu wala kusoma siku hizo. Akikadiria siku sita, zinabaki 23 katika mwezi wa 29, na 604 kwa 23 ni kurasa 27 kwa siku. Kama ni nyingi, kusikiliza kisomo kunaruhusiwa, na kikumbusho cha siku hizo kinaweza kuandikwa "Sikiliza" na namba ya juzuu. Siku hizohizo aweke alama ya mifungo ya kulipa siku yenyewe inapopita.

Jedwali moja linalobeba yote

Hapa pana jambo dogo linalovuruga mipango mingi. Nyakati za jua hufuata tarehe za kalenda ya kawaida, kurasa hufuata hesabu ya mfungo. Mwezi ukiandama siku moja baada ya ulivyodhani, alfajiri ya tarehe ileile haibadiliki, lakini ukurasa wa kuanzia unabadilika. Kwa hiyo jedwali liwe na tarehe kwenye safu moja na namba ya mfungo itokane na seli moja tu utakayoirekebisha.

Safu A iwe tarehe, B alfajiri, C magharibi, zote zikinakiliwa kutoka ratiba ya msikiti. Anza siku moja kabla ya siku unayotarajia na umalizie siku moja baada ya mfungo wa 30. Kwenye seli `L1` andika tarehe ya mfungo wa kwanza. Kisha, kwenye mstari wa pili:

```
D2: =A2-$L$1+1
E2: =B2-TIME(0,55,0)
F2: =B2-TIME(0,10,0)
G2: =C2+TIME(0,1,0)
H2: =(D2-1)*22+1
I2: =MIN(D2*22,604)
```

D ni namba ya mfungo, E ni kuamka, F ni kuacha kula, G ni kufungua, H na I ni ukurasa wa kuanzia na wa kuishia. Kama D au H inaonekana kama saa au tarehe, badilisha muundo wa seli uwe namba. Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato badala ya mkato ndani ya mabano. Vuta fomula hadi chini. Mstari wenye mfungo sifuri upuuze, na pale H inapozidi 604 una siku ya akiba. Jaribu mstari mmoja kwa mkono: mfungo wa 10 lazima utoe ukurasa 199 hadi 220.

Angalizo kwa tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili: simu na jedwali husoma saa 24. Saa 11 na dakika 19 alfajiri iandikwe `05:19`, na saa 12 na dakika 44 jioni iandikwe `18:44`. Anayeandika `11:19` ataamshwa karibu na adhuhuri.

Kuhamishia kwenye simu, wiki moja kwa mara moja

Kengele ya simu hukaa saa moja kila siku, wakati alfajiri husogea. Tazama tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho wa jedwali lako. Karibu na ikweta mara nyingi ni dakika chache tu kwa mwezi mzima, na kuirekebisha mara moja kwa wiki kunatosha. Mbali na ikweta, hasa majira yanapobadilika, alfajiri na magharibi huweza kusogea dakika mbili kila siku, yaani karibu saa nzima kwa mwezi. Huko rekebisha kila siku tatu.

Tuseme wiki yako ina alfajiri inayoanza 05:21 na kushuka hadi 05:19, na magharibi inayoanza 18:44 na kushuka hadi 18:41. Kanuni ya kosa inatuongoza: kwa daku chukua alfajiri ya mapema kuliko zote, 05:19, kwa futari chukua magharibi ya mwisho kuliko zote, 18:44. Kwa hiyo kengele za wiki nzima ni 04:24 kuamka, 05:09 kuacha kula, 18:14 kujiandaa, 18:45 kufungua. Hakuna siku katika wiki hiyo ambayo utakula baada ya alfajiri au kufungua kabla ya magharibi. Siku ya saba kengele ya kufungua itakuwa imechelewa dakika nne, na kama hilo linakuudhi, gawa wiki mara mbili. Weka pia kikumbusho cha kurekebisha vikumbusho, siku moja ya wiki baada ya isha. Bila hicho, wiki ya tatu utakuwa unatumia saa za wiki ya kwanza.

Usiku wa kwanza, baada ya kupanga, fanya jaribio: weka kengele ya kuamsha ilie baada ya dakika tatu, funga kioo, washa hali ya usinisumbue kama unavyoiwasha ukilala, subiri. Kama haikulia, sababu kubwa ni mbili: sauti ya kengele imeshushwa, maana ni tofauti na sauti ya simu inayoingia, au hali ya usinisumbue haikuruhusu kengele.

Anayetegemea programu ya swala afanye jaribio hilohilo kwa adhana, lakini aliache lilale usiku mzima, kwa sababu tatizo la programu hizi hujitokeza simu ikiwa imetulia muda mrefu. Kwenye Android, mfumo wa kuokoa chaji huilaza programu isiyofunguliwa, na tangu Android 12 programu huhitaji ruhusa maalumu ya kuweka kengele za saa kamili. Ipe ruhusa hiyo na uitoe kwenye orodha ya zinazobanwa chaji. Kwenye iPhone, programu moja hubaki na taarifa 64 tu zilizopangwa mbele. Ikiwa kila siku inatumia kumi, adhana tano na tahadhari tano, hazifiki wiki moja. Dalili ni hii: adhana zililia vizuri siku sita, kisha kimya. Kuifungua programu kila baada ya siku mbili tatu huzijaza tena.

Usiku wa mwandamo, mwanzoni na mwishoni

Tarehe 29 Shaabani jioni, kengele za daku ziwe tayari zimewashwa, kwa sababu tangazo la mwezi linaweza kukufikia umeshalala. Ukiandama, tarawehe na nia ni usiku huohuo, na kurasa zinaanza baada ya alfajiri. Usipoandama, zima kengele za asubuhi hiyo pekee na badilisha `L1`.

Mwishoni ni vilevile. Usiku wa kuamkia siku ya 30, acha kengele mpaka upate tangazo unalolifuata. Ikithibiti kuwa ni Idi, zima zote mbili za daku, kisha ufungue jedwali na uhesabu alama za siku za kulipa. Ziandike kwenye kalenda papo hapo kwa tarehe kamili, moja moja, kabla Shaabani ijayo haijaisha. Kwa Shafi, anayechelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia hudaiwa fidia pamoja na mifungo yenyewe.